Kabla ya Kununua Kadi ya Sauti, Tafuta Kelele Inakoingilia

Spika za kompyuta zikianza kuvuma, au muziki ukaanza kukatikakatika kwa mikwaruzo, wa kwanza kulaumiwa ni chipu ya sauti iliyomo ndani ya mashine. Muuzaji naye ana jibu tayari: nunua kadi ya sauti, au kile kiboksi cha nje kinachochomekwa kwenye USB. Yapo matatizo ambayo kiboksi hicho huyamaliza kabisa. Yapo na mengine ambayo hakiyagusi hata kidogo, na hapo ndipo mnunuzi hutoa pesa yake, akachomeka kifaa kipya, akawasha, akaukuta mvumo palepale alipouacha.

Sababu ni kwamba kelele za kompyuta hazina chanzo kimoja. Mvumo mzito, mlio mwembamba unaofuata mwendo wa kipanya, mikwaruzo ya ghafla na ule mchirizi wa "shhh" kwenye rekodi huingilia katika milango tofauti. Kila mlango una kipimo chake, na vipimo vingi havigharimu hata shilingi. Anayevifanya kabla ya kwenda dukani atajua kama kweli anahitaji kadi, au anahitaji ekstensheni nzuri tu.

Chipu si mbovu kama inavyosemwa

Zamani kadi ya sauti ilikuwa ya lazima. Kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya 1980 zilikuwa na kispika kidogo cha kupiga mlio wa onyo tu, na ndiyo maana kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilipata soko kubwa. Mambo yalibadilika Intel ilipotoa kiwango cha AC'97 mwaka 1997, kisha kile cha High Definition Audio mwaka 2004. Chipu ya sauti ikawa sehemu ya kawaida ya ubao mama, na kwenye kompyuta nyingi za leo utakuta imeandikwa jina la Realtek.

Kazi ya chipu hiyo ni kugeuza namba kuwa umeme. Muziki wa CD una namba 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto kadhalika na wa kulia. Chipu huzisoma na kutoa umeme unaopanda na kushuka kwa kuzifuata. Ukitumia maikrofoni hufanya kinyume chake. Ubora wake hupimwa kwa desibeli, yaani umbali uliopo kati ya sauti kubwa kabisa inayoweza kuitoa na kelele yake yenyewe. CD ina nafasi ya desibeli 96 hivi. Chipu nyingi za kawaida za Realtek hukaribia kiasi hicho, na ile ya ALC1220, inayowekwa kwenye mbao mama za bei ya juu, hutangazwa kuwa na desibeli 120 upande wa kutoa sauti.

Namba hizo ni za chipu peke yake. Ndani ya kasha la kompyuta kuna majirani wenye fujo: kadi ya michoro inayovuta umeme mwingi na kuuacha mara maelfu kwa sekunde, na saketi zinazoushusha umeme kwa ajili ya prosesa. Wote hawa hutumia njia moja na chipu ya sauti ya kurudishia umeme wao, na kidogo humwagika upande wake. Hata hivyo, kwenye ubao mama mzima, kinachomwagika ni kidogo kiasi kwamba ukivaa hedifoni na kusikiliza muziki hukisikii. Kelele inayojaza chumba kwa kawaida imeingia njiani, chipu ikiwa imekwisha kumaliza kazi yake.

Mvumo, na mlio unaofuata kipanya

Tuchukue mpangilio unaopatikana katika vyumba vingi vya kurekodia vya nyumbani. Kompyuta ya mezani imechomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja. Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, za plagi ya pini tatu, zimechomekwa kwenye ukuta wa pili. Kebo ya sauti inatoka kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta kwenda kwenye spika. Muziki ukisimama, chumba kinabaki na mvumo mzito, na juu ya mvumo huo kuna mlio mwembamba unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa au ukurasa unapopandishwa na kushushwa. Mwenye chumba amekwisha kununua kibadilishi cha USB, na kelele haikuondoka.

Kipimo cha kwanza ni kupunguza sauti ya spika, kuchomoa kebo upande wa spika, kisha kuirudisha sauti kama ilivyokuwa. Kama spika zinavuma zikiwa peke yao, ubovu umo ndani yake na kompyuta haihusiki. Muhimu ni kuchomoa upande wa spika. Ukichomoa upande wa kompyuta, kebo inayoning'inia itanasa umeme wa chumbani na kuvuma yenyewe, na utamhukumu asiye na kosa. Katika mfano wetu spika zinanyamaza kimya.

Kipimo cha pili ni kuchomeka hedifoni kwenye tundu lilelile la kijani. Hapa pia kimya. Muziki unatoka safi na kipanya hakisikiki. Kipimo cha tatu ni kuchomeka simu, ikiwa inatumia betri yake bila chaja, kwenye spika zilezile kwa kebo ileile. Kimya tena. Kompyuta peke yake ni safi, spika peke yake ni safi, na kebo ni nzima. Kelele inazaliwa pale tu kompyuta na spika zinapounganishwa.

Mafundi huita hali hii kitanzi cha ethi. Kompyuta imeunganishwa na ethi ya jengo kupitia plagi yake, na spika kupitia plagi yao. Kebo ya sauti nayo, kwa ule waya wake wa nje unaozunguka waya wa katikati, inawaunganisha kwa mara ya pili. Sasa kuna duara kamili: kutoka soketi ya kwanza, kupita kompyuta, kebo, spika, soketi ya pili, na kurudi ukutani. Ethi za soketi mbili hazina volteji sawasawa, hivyo mkondo mdogo huzunguka humo. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ndiyo maana mvumo unaosikika ni ule mzito wa hezi 50, na mara nyingi hezi 100. Mkondo wa fujo za kompyuta nao hupata njia hiyohiyo ya kutokea, ndiyo ule mlio unaofuata kipanya.

Hesabu yake ni fupi. Sauti inayopita kwenye kebo za nyumbani ina kiwango cha karibu volti 0.3, yaani milivolti 300 na kidogo. Kitanzi kikiongeza milivolti 1 tu, kelele hiyo inakuwa desibeli 50 hivi chini ya muziki. Muziki ukitulia utaisikia bila taabu. Kumbe chipu ya desibeli 97 na kibadilishi cha desibeli 120 vyote hutoa matokeo mamoja hapa, kwa kuwa kelele haipiti kwao. Kebo ya USB nayo ina waya wa kurudishia umeme na ngao ya chuma iliyounganishwa na kasha la kompyuta. Kwa hiyo kibadilishi kilichonunuliwa kimerefusha duara tu, hakijalikata.

Namna ya kulikata duara

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu, na ekstensheni hiyo kwenye soketi moja yenye ethi ya kweli. Duara linakuwa dogo, ethi za vifaa viwili zinakaribiana, na mvumo hushuka; katika vyumba vingi hatua hii peke yake inatosha. Skrini na mashine ya kuchapishia zilizounganishwa na kompyuta ziwe kwenye ekstensheni hiyohiyo, ilimradi hakuna pasi wala birika la umeme juu yake.

Kama bado kuna masalia, lipo kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndani, moja ya kushoto na moja ya kulia, kinachowekwa katikati ya kebo ya sauti. Sauti huvuka transfoma kwa nguvu ya sumaku, lakini waya wa upande mmoja haugusani na wa upande wa pili, hivyo mkondo wa kitanzi hauna pa kupita. Kina mipaka yake: transfoma za bei rahisi hupunguza au kuharibu besi ya chini kabisa. Mahali pake ni kati ya kompyuta na amplifaya. Kisiwekwe kati ya amplifaya na spika zisizo na umeme wake, wala kwenye hedifoni.

Njia ya tatu ni mwanga. Mbao mama nyingi za mezani zina tundu la mraba lenye kifuniko kidogo, ambalo hutoa sauti kama mwanga kupitia kebo ya plastiki. Mwanga hauchukui umeme, basi duara linakatika moja kwa moja. Unahitaji amplifaya au kibadilishi chenye tundu la kupokea mwanga huo. Hapa ndipo kibadilishi cha nje kinapofaa dhidi ya mvumo, na kinafaa kwa sababu ya kebo yake kuliko ubora wa chipu yake.

Njia ya nne ni ya studio: kebo zenye nyaya mbili za sauti ndani ya ngao, zinazobeba sauti ileile kwa mielekeo miwili iliyopingana. Spika hutoa tofauti kati ya nyaya hizo mbili, na kelele iliyoziingia zote sawasawa hufutika. Vibadilishi vya kurekodia na spika za studio huwa na matundu ya aina hiyo. Lakini kebo lazima iwe na plagi ya pete mbili nyeusi au ile ya pini tatu za mviringo. Plagi ya gitaa yenye pete moja itakurudisha ulikotoka.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kukata au kuikunja pini ya ethi. Ni kweli mvumo utaondoka, maana duara limekatika. Lakini siku waya wa moto utakapogusa kasha kwa ndani, kasha zima litakuwa na volti 230, na hapatakuwa na njia ya kuurusha umeme huo ila kupitia mwili wa atakayelishika.

Ethi isipokuwepo kabisa

Katika nyumba zetu tatizo la pili linafanana na la kwanza kwa sauti tu. Soketi ina tundu tatu, lakini nyuma ya tundu la juu hakuna waya. Au ekstensheni ni ya nyaya mbili. Au chaja ya kompyuta mpakato ni ya pini mbili, na mtu ameingiza kalamu kwenye tundu la ethi ili vifungo vya ndani vifunguke na pini mbili ziingie. Dalili yake unaijua kwa ngozi: ukipitisha kidole taratibu kwenye kasha la chuma, unahisi msisimko wa mtetemo.

Ndani ya chaja na pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme wa ukutani na kasha, kwa ajili ya kupitishia fujo kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, kasha huelea kwenye takriban nusu ya umeme wa ukutani, karibu volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana, kwa hiyo husisimua tu bila kuua, lakini unaposhuka kupitia kebo ya sauti kwenda kwenye spika, hulia kwa mvumo wenye ncha kali.

Kipimo chake kwa kompyuta mpakato ni chepesi: chomoa chaja, uache mashine itumie betri. Kelele ikikatika papo hapo, mhalifu ni upande wa umeme. Tiba ni chaja ya pini tatu yenye waya wa ethi kweli, pamoja na soketi yenye ethi. Wakati ukisubiri, kirekodi unachotaka kukirekodi kirekodi kwa betri, au tumia kile kiboksi cha transfoma. Kompyuta ya mezani inayosisimua vidole ni suala la fundi umeme kabla ya kuwa suala la sauti, kwani ethi iliyokosekana kwenye soketi hiyo imekosekana pia kwa kila kitu kingine kitakachochomekwa hapo.

Kama hedifoni nazo zina kelele

Turudi kwenye kile kipimo cha pili. Je, kama hedifoni zilizochomekwa kwenye tundu la kompyuta nazo zingetoa ule mlio wa kipanya? Hapo hakuna duara, maana hedifoni hazina plagi ya ukutani. Kelele inatoka ndani ya kasha.

Angalia kwanza ulichomeka wapi. Tundu la mbele ya kasha huunganishwa na ubao mama kwa waya mwembamba unaokatiza karibu na kadi ya michoro, mara nyingi bila ngao ya maana, na kwenye makasha mengine hutumia njia moja na USB za mbele ya kurudishia umeme. Hamia tundu la nyuma. Mlio ukipotea, umemaliza kazi bila kununua kitu.

Ukibaki hata nyuma, sasa kadi ina hoja. Kadi ya ndani huihamisha chipu mbali kidogo na fujo, lakini inabaki katika kasha lilelile na pawasaplai ileile, wakati mwingine ubavuni mwa kadi ya michoro. Kibadilishi cha nje huitoa chipu nje ya kasha kabisa, na kwa kelele hii ndicho chaguo bora. Hakihitaji kuwa cha gharama. Kile kibadilishi kidogo cha Apple cha USB-C chenye tundu la hedifoni, ambacho nchini Marekani huuzwa dola 9, hutoa sauti safi kuliko kompyuta nyingi. Vya bei ya juu vina maana zaidi kwa mwenye hedifoni nzito za omu 250 au 300, zinazohitaji volti nyingi kuliko tundu la kompyuta linavyotoa.

Mikwaruzo: tatizo la muda

Mikwaruzo na mikatiko ya ghafla ni kesi nyingine. Haina mvumo wala haibadiliki ukigusa kebo. Hutokea muziki unapocheza, ikawa mingi zaidi mashine inapolemewa, na husikika sawasawa kwenye hedifoni, spika, na mara nyingi hata kwenye kibadilishi kipya. Huu si umeme. Ni programu iliyochelewa.

Kompyuta haipeleki namba za sauti moja moja. Hujaza akiba, inayoitwa bafa, na chipu huinywa akiba hiyo bila kusimama. Ni kama tangi la maji juu ya paa: bomba la mtaa likikatika kwa muda, nyumba haijui ilimradi tangi halijakauka. Bafa ya namba 256, sauti ikienda kwa namba 48,000 kwa sekunde, hudumu milisekunde 5.3 tu. Programu yoyote ikiishika prosesa kwa zaidi ya muda huo, bafa inakauka, na pengo linasikika kama mkwaruzo. Bafa ya 1,024 hudumu milisekunde 21. Anayerekodi hupenda bafa ndogo ili asikie sauti yake bila kuchelewa. Anayesikiliza tu hana sababu ya kuwa nayo, basi aipandishe hadi 512 au 1,024 kwenye mipangilio ya programu yake. Mikwaruzo ikiisha, utambuzi umethibitika.

Ikiwa haiishi, mtafute anayechelewesha. Kwenye Windows, programu ya bure ya LatencyMon hufanya kazi hiyo: iwashe, endelea na shughuli zako kwa dakika kumi hivi, kisha fungua ukurasa wa Drivers uone ni draiva ipi iliyoshika prosesa kwa muda mrefu. Ikiwa ni `ndis.sys`, elekea kwenye mtandao: zima Wi-Fi usikilize tena, halafu weka draiva mpya ya Wi-Fi. Ikiwa ni `nvlddmkm.sys`, ni kadi ya michoro ya Nvidia. Ikiwa ni `ACPI.sys`, ni usimamizi wa umeme na betri, na mara nyingi tiba yake hutoka kwa aliyetengeneza kompyuta, kwa toleo jipya la BIOS. Kompyuta mpakato zinazopunguza kasi ili kutunza betri nazo huchelewa; badili mpango wa umeme uone.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, chagua spika zako na ufungue Properties. Humo zima vinogesho vyote vya sauti, na kwenye Advanced chagua namba moja ya Default Format inayolingana na ya programu yako ya kurekodia, 44100 au 48000. Kama bado, ingia Device Manager na ubadilishe draiva ya Realtek kwa ile ya jumla iitwayo High Definition Audio Device. Ikiwa draiva ya Realtek ndiyo iliyokuwa na kasoro, mikwaruzo itakoma. Hapa pia kibadilishi cha nje husaidia, kwa kuwa hakitumii draiva hiyo. Lakini kikikutana na Wi-Fi inayochelewesha prosesa, kitakwaruza vilevile. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB pamoja na diski na kamera.

Wanaotumia Linux yenye PipeWire waandike `pw-top` na kutazama safu ya `ERR`. Namba yake ikipanda kila mkwaruzo unaposikika, bafa inakauka, na inaweza kupanuliwa hivi:

```
pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024
```

Kwa mtumiaji wa Linux anayesikia mlio mmoja wa "tap" kila sauti inapoanza au kuisha, chipu inalazwa usingizi ili kuokoa umeme. Amri hii huizuia hadi mashine itakapozimwa:

```
echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save
```

Usisahau mikwaruzo ya mkono. Ikitokea upande mmoja tu, na ikaja na kuondoka ukizungusha plagi, ni tundu au kebo. Ikitokea unapozungusha kitufe cha sauti tu, ndani ya kitufe kuna vumbi au kutu, jambo la kawaida kwenye hewa ya chumvi ya pwani, na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme huiondoa. Ikitokea pale muziki unapopanda juu tu, umezidisha sauti katika programu. Ishushe hapo na kuipandisha kwenye spika.

Kwa anayerekodi, jibu ni tofauti

Mchirizi wa "shhh" nyuma ya sauti ya mzungumzaji ndio unaompa kibadilishi cha nje haki yake kamili. Maikrofoni ya dainamiki, ile ya kushika mkononi, hutoa milivolti moja au mbili mtu akizungumza karibu nayo. Ili zifikie volti moja lazima zikuzwe mara 500 hadi 1,000, yaani desibeli 54 hadi 60. Tundu dogo la maikrofoni la kompyuta halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Limetengenezwa kwa vimaikrofoni vya hedifoni. Ukipandisha Microphone Boost hadi +30, unakuza sauti mara 32 hivi, na kelele za kikuzaji chake dhaifu zinakua nayo.

Kipimo ni kurudisha Microphone Boost kwenye 0 au +10, kusogeza mdomo hadi karibu sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni, na kurekodi tena. Kwa simu za mtandaoni na masomo hilo hutosha. Kwa matangazo ya redio, kwaya au usomaji wa vitabu, nunua kibadilishi cha kurekodia chenye tundu la pini tatu za mviringo, kikuzaji cha kufikia desibeli 50 au zaidi, na kitufe cha volti 48 kama maikrofoni yako ni ya kondensa. Kisha panga kikuzaji ili vilele vya sauti vifike karibu -12 kwenye kipimo cha programu, visiguse 0.

Pesa iende wapi

Anayesikiliza muziki kwa spika zinazovuma aanze na ekstensheni moja yenye ethi, kisha kiboksi cha transfoma. Mwenye mikwaruzo abadilishe bafa na draiva, asinunue chochote kabla ya LatencyMon kumtajia mhalifu. Mwenye hedifoni zinazolia hata kwenye tundu la nyuma anunue kibadilishi kidogo cha USB. Kwa kelele hiyo, kadi ya ndani ni chaguo la pili. Na anayerekodi sauti za watu kwa kazi, huyo anahitaji kibadilishi cha kurekodia, na pesa yake haitapotea. Kwa wote wanne, kipimo cha hedifoni na kipimo cha kuchomoa kebo upande wa spika vitangulie safari ya dukani.